Jina, namba inayosema, namba bubu au barkodi: kipi kinazuia bidhaa moja isiingie mara mbili kwenye stoku ya hadiwea

Tuchukue elbo moja tu ya bomba la plastiki la PPR, ile ya kijani ya milimita 20, kona ya digrii 90, kitu cha bei ndogo kabisa dukani. Sasa tuseme ni hadiwea ya pale Mwanga, Kigoma mjini, yenye tawi Kasulu, na kwenye kompyuta ya duka ile elbo imekaa hivi:

```
ELBO PPR 20MM            38
PPR ELBOW 1/2             0
Elibo nusu ya kuchoma   -12
ELB EQ 90 D20 PPR        65
```

Mistari minne, kitu kimoja. Wa kwanza aliuandika mtunza stoo, wa pili ulitoka kwenye orodha ya zamani ya Excel, wa tatu keshia aliufungua mwenyewe mteja kasimama kaunta na foleni inakua, wa nne umenakiliwa kama ulivyo kutoka invoisi ya saplaya wa Dar. Hakuna hata mmoja aliyeandika uongo, kila mtu kaandika anavyokiita hicho kitu, ndo maana hii shida haiishi kwa kuwaambia watu "kuweni makini".

Ukienda kwenye boksi ukahesabu kwa mkono unakuta elbo 91. Jumlisha mistari: 38 jumlisha 0 jumlisha 65, toa 12, unapata 91 hiyo hiyo. Hapo ndo unajua kwa uhakika kwamba hakuna wizi wala hakuna upotevu, ni kitu kimoja kimegawanywa. Hiyo hasi 12 ndo dalili ya kwanza ya kuitafuta kwenye ripoti yoyote ya stoku, kwasababu mstari ambao unauza tu na haujawahi kupokea mzigo maana yake mzigo wake unapokelewa kwa jina lingine. Dalili ya pili ni kinyume chake, mstari una mzigo mwingi na miezi inapita haujauza hata pisi moja wakati boksi linapungua (hapa ni ule wa 65). Ukiziona hizo mbili kwenye kundi moja la bidhaa karibu kila mara ni ndugu.

Na hasara yake haiko kwenye namba tu. Mteja kapiga simu toka Ujiji, keshia kaandika "1/2" kwenye kutafuta, kaona 0, kajibu "zimeisha kaka", fundi kaenda duka la jirani, na kesho yake bosi anaagiza katoni nyingine Dar wakati elbo 91 ziko nyuma ya mlango. Mzigo wa Dar huku kwetu hauji siku ya pili, kwa iyo hela inakaa njiani halafu ikifika inakaa stoo.

Sasa njia za kuzuia hili ziko nne kubwa na watu wanabishana sana ipi bora. Naziweka zote kwenye elbo hiyo hiyo ili muone kila moja inaifanyia nini:

| Njia | Elbo yetu inaandikwaje | Nini kinazuia isiingie mara mbili |
|---|---|---|
| Jina lenye kanuni | `ELBO PPR 20MM 90` | Mpangilio mmoja wa maneno |
| Namba inayosema | `MB-ELB-PPR-20-90` | Watu wawili wakifuata kanuni wanapata namba ile ile |
| Namba bubu | `10412` | Yenyewe hakuna, inategemea jina |
| Barkodi ya kiwandani | haina kwenye pisi | Namba ya kiwanda, pale inapokuwepo |

Naanza na jina kwasababu hata ukichagua njia nyingine yoyote bado jina utalihitaji, binadamu anatafuta kwa jina.

Kanuni ya jina inayofanya kazi kwenye hadiwea ni hii: kitu kwanza, halafu kimetengenezwa kwa nini, halafu saizi, halafu sifa inayokitofautisha, brandi mwisho kama inahitajika. Herufi kubwa zote, umoja sio wingi (MSUMARI, sio MISUMARI), kipimo kinabana na namba bila nafasi, yani 20MM sio 20 MM wala MM20. Kwanini kitu kije mwanzo? Kwasababu orodha ikipangwa kwa alfabeti elbo zote zinakaa pamoja, anayetaka kufungua mpya anaiona ya zamani hapo hapo juu yake. Ukianza na brandi au na neno PPR zinatawanyika. Na kwanini brandi mwisho? Karatasi ya risiti zile ndogo za milimita 58 mstari mmoja unabeba kama herufi 32 tu, kinachozidi kinakatwa au kinashuka chini, sasa bora likatwe jina la kiwanda kuliko saizi, maana mteja akirudi na risiti isiyo na saizi mtabishana mpaka jioni.

Pagumu zaidi ni kwenye saizi, na hapa ndo hadiwea nyingi zinapojichanganya. Fundi bomba huku hasemi 20MM, anasema "nusu". Kwenye PPR nusu ni 20MM, robo tatu ni 25MM, inchi moja ni 32MM. Basi mtu anajiona mjanja anaamua kila kitu kigeuzwe kiwe milimita, au kila kitu kigeuzwe kiwe inchi, na zote mbili ni makosa. Bomba la chuma la nusu inchi kwa nje lina milimita 21.3, hakuna mtu duniani anaenda dukani kuomba bomba la 21.3, lile jina lake ni 1/2 tu. Kwa iyo kanuni ninayoiona inashika ni moja, saizi iandikwe kama ilivyopigwa chapa kwenye mwili wa kitu chenyewe. PPR imeandikwa 20, tunaandika 20MM. Soketi ya chuma imeandikwa 1/2, tunaandika 1/2. Ubishi ukitokea kitu kinaletwa kaunta kinasomwa, imeisha.

Ila hapo kuna mtego mmoja lazima uujue kabla hujaanza kuunganisha mistari. Kuna elbo ya PPR imeandikwa 20x1/2. Hiyo upande mmoja unachoma bomba la 20, upande wa pili una uzi wa shaba ndani wa kufungia koki. Ni kitu kingine kabisa na bei yake iko juu zaidi. Mtu akiunganisha kwa kufuata "20 ni sawa na nusu" atazika bidhaa mbili kwenye mstari mmoja, na hiyo ni mbaya kuliko kugawanyika, kwasababu ukigawanya unaweza kujumlisha ukarudi kwenye ukweli lakini ukichanganya huwezi kujua tena zipi zilikuwa zipi mpaka uhesabu stoo nzima. Kwa iyo kabla ya kuunganisha mistari yoyote kamata kitu mkononi, usiunganishe kwa kusoma skrini.

Lile neno "nusu" nalo halitupwi. Karibu kila sistimu ya duka ina sehemu ya maelezo au majina mengine, huko ndo unaandika: nusu, elibo, elbow, kona, ya kuchoma, elb eq d20. Kila jina ambalo mtu amewahi kulitumia kukiita hicho kitu, pamoja na lile la saplaya. Keshia akiandika "elibo nusu" mstari wa kweli unatokea na hana sababu ya kufungua mpya. Mi naona hii ndo kazi yenye faida kuliko zote kwenye habari nzima na ndo watu wanairuka. Herufi zinavyotamkwa huku, L na R zinapishana, kuna burashi na brashi, kufuli na kofuli, usijaribu kumfundisha mtu kuongea, mwekee matamshi yake kwenye sehemu ya kutafuta.

Wanaotumia Excel kuna njia ya kukamata marudio ya tahajia bila kusoma mistari elfu kwa macho. Jina liko B, kwenye C unatengeneza jina lililobanwa, halafu D inakwambia kama lipo tayari:

```
C2: =SUBSTITUTE(SUBSTITUTE(SUBSTITUTE(UPPER(B2),CHAR(160),"")," ",""),"-","")
D2: =IF(AND(C2<>"",COUNTIF($C$2:$C$3000,C2)>1),"IPO TAYARI","")
```

Ile CHAR(160) ni nafasi ambayo inaonekana kama nafasi ya kawaida lakini sio, inakuja ukinakili majina kutoka kwenye ukurasa wa mtandao au barua pepe ya saplaya, utakesha ukitazama majina mawili yanayofanana na Excel inakwambia hayafanani. Angalia usiongeze kufuta nukta, waya wa 2.5MM utageuka 25MM na hizo ni nyaya mbili tofauti kabisa. Na usiruhusu nyota kwenye majina, watu wanapenda kuandika mbao 2*4, COUNTIF ikiona nyota inaisoma "chochote kile hapa katikati", kwa iyo itakwambia mbao 2*4 ipo tayari kumbe imeona 2X6X14. Andika 2X4.

Sasa hiyo fomula inakamata nini? Inakamata "Elbo PPR 20 mm" na "ELBO-PPR 20MM". Haikamati "PPR ELBO 20MM" wala "ELIBO". Yani kwenye mistari yetu minne ya mwanzo isingekamata hata mmoja. Ndo mpaka wa njia ya jina peke yake: inategemea mtu kufuata mpangilio, na ikitokea hajafuata mashine haina namna ya kujua. Kwa duka la bidhaa mia mbili tatu lenye mtu mmoja tu wa kuingiza, jina lenye kanuni linatosha na wala usijisumbue na namba. Zikizidi hapo au mikono ikiwa miwili, halitoshi.

Ndo watu wanakimbilia namba inayosema, ile ya `MB-ELB-PPR-20-90`, yani MB ni mabomba, ELB ni elbo na kuendelea. Inavutia, na ina nguvu moja ya kweli ambayo lazima niipe haki yake: namba inatokana na kitu chenyewe. Mtu wa Kasulu na mtu wa Mwanga hata wasipoongea, wakishika elbo hiyo hiyo na wakafuata kanuni wanaandika namba hiyo hiyo, sistimu inakataa ya pili. Kwenye vitu ambavyo sifa zake ni chache na hazina ubishi hii ni njia nzuri sana. Bati: geji, urefu, rangi, basi. `BAT-G30-3M-MRN` hakuna wa kuikosea, na mtu akiona G28 na G30 anajua tu 28 ndo nene. Nondo hali kadhalika, waya hali kadhalika. Duka linalouza mabati tu, au nondo na saruji tu, mi nalishauri litumie hii na lisitazame pembeni.

Shida inaanza kwenye hadiwea mchanganyiko, na inaanzia kwenye zile herufi mbili za mwanzo. Ile tepu nyeupe ya kuzungushia kwenye uzi wa bomba utaiweka mabomba, sawa. Silikoni je? Fundi bomba ananunua, fundi aluminiamu ananunua, fundi vigae ananunua. Mtunza stoo wa Mwanga ataandika `MB-SIL`, wa Kasulu ataandika `AL-SIL`, na zote mbili ni namba halali kwa mujibu wa kanuni! Umerudi pale pale, bidhaa moja mara mbili, tofauti ni kwamba sasa kila mmoja anayo kanuni mkononi ya kumtetea, na kumshawishi afute ni kazi kuliko ingekuwa ni makosa ya tahajia tu. Gundi ni hivo hivo, skrubu ni hivo hivo, karibu kila kitu kidogo kidogo kina makao mawili.

Halafu namba inayosema ikianza kusema uongo huwezi kuinyamazisha. Saplaya akibadilisha brandi, au ukiamua rangi zote zihame kundi, namba iliyopo kwenye risiti na kwenye lebo za shelfu inabaki inasema la zamani. Ukiibadilisha unapoteza historia ya mauzo, usipoibadilisha watu wanaanza kutoiamini, na wasipoiamini wanafungua mpya.

Na kuna hili la Excel ambalo limewaliza wengi. Marumaru ukizipa `MAR-30` ukimaanisha 30x30, Excel inaisoma ni tarehe 30 mwezi wa tatu na inaihifadhi kama tarehe, kilichoandikwa mwanzo hakipo tena. Ukilazimika kutumia hii njia chagua vifupisho visivyofanana na miezi ya Kiingereza (MRM badala ya MAR), na safu ya namba iwekwe kuwa maandishi kabla hujaanza kuandika, sio baada.

Njia ya tatu ni namba bubu. 10412. Haisemi chochote, bidhaa iliyofuata kufunguliwa siku hiyo ni 10413 hata kama ni sufuria. Watu wengi hawaipendi mwanzoni, wanaona haina akili, "sasa nitajuaje ni nini?" Jibu ni kwamba hutakiwi kujua, jina ndo linakwambia ni nini, kazi ya namba ni kubaki ile ile maisha yote. Silikoni ni 10655, hakuna wa kuuliza ni ya mabomba au ya aluminiamu, kundi unaliandika kwenye safu yake na ukitaka unalibadilisha kesho, namba haiguswi.

Ianze 10001, isianze 00001, kwasababu Excel inakula sifuri za mbele, 00412 inakuwa 412 na baadae unakuta zote mbili zinaishi. Tarakimu tano zinatosha hadiwea yoyote ya mkoani. Usichanganye na herufi, hasa O na I, kwenye lebo iliyochapwa na mashine ya wino hafifu hazitofautiki na sifuri na moja. Na namba ikistaafu haipewi kitu kingine, hata miaka ikipita, maana risiti ya zamani ikirudi itasoma kitu ambacho mteja hakununua.

Udhaifu wake uko wazi na sitaki kuuficha, namba bubu yenyewe haizuii kurudia. Mtu akifungua elbo ile ile kwa jina jingine sistimu itampa 10987 bila kuuliza. Pia mtu akipindua tarakimu mbili, 10421 badala ya 10412, anatua kwenye bidhaa nyingine ya kweli na sio kwenye hitilafu, kwa iyo lazima skrini ionyeshe jina kubwa kabla ya kukubali, na keshia azoee kusoma jina, asisome namba. Ndo maana nasema namba bubu bila kanuni ya jina na bila yale majina mengine ya kutafutia ni nusu ya kazi.

Barkodi sasa. Kuna wanaosema kwanini uhangaike wakati kiwanda kimeshaweka namba, skani tu. Kwa duka la vyakula au vipodozi ni kweli kabisa, yani duka la sabuni na biskuti litumie barkodi na makala hii lisiihitaji sana. Kwenye ile ya tarakimu 13, tarakimu ya mwisho ni ya ukaguzi, inakokotolewa kutoka zile 12 za mwanzo, kwa iyo skana ikisoma vibaya inakataa yenyewe, ulinzi ambao namba bubu yako haina. Ila ujue zile tarakimu tatu za mwanzo, 620 kwa Tanzania, zinasema kampuni ilisajili namba wapi, hazisemi bidhaa imetengenezwa wapi, usizitumie kupanga bidhaa za ndani na za nje.

Hadiwea hali ni nyingine. Elbo yetu pisi haina barkodi, ipo kwenye katoni tu, na ukiskani katoni ukaiingiza kama pisi umeingiza moja badala ya mia. Nondo haina. Msumari wa kupima kwa kilo hauna. Mbao hazina. Vinavyokuja na boti pale Kibirizi kutoka ng'ambo ya ziwa vingine vina barkodi, vingine hazisomeki, na kuna viwanda vidogo vinachapa barkodi moja kwenye saizi zote. Upande wa pili kiwanda kikubwa kinabadilisha kifungashio na barkodi inabadilika, kufuli ni lile lile lakini skana inasema hailijui, na keshia mwenye haraka anafungua bidhaa mpya. Umeona? Barkodi nayo inazaa marudio, tena bila kosa lolote la tahajia.

Kwa iyo barkodi iwe ni kitu kinachoning'inia kwenye bidhaa, sio jina la bidhaa. Bidhaa 10733 ni kufuli fulani, chini yake kuna barkodi mbili au tatu, zote zinafungua 10733. Sistimu ikikuruhusu barkodi moja tu kwa kila bidhaa, weka ya sasa na za zamani uziandike kwenye majina mengine. Na ukizitunza Excel safu iwe maandishi, vinginevyo tarakimu 13 zinaonekana kama 6.20123E+12, na ukihifadhi faili kwa mfumo wa CSV inahifadhi hicho kinachoonekana, tarakimu za nyuma zinageuka sifuri, na bidhaa zote za kiwanda kimoja zinabaki na barkodi moja. Ikitokea hakuna kurudisha, ni kuskani upya.

Basi uamuzi wangu kwa duka kama hili la mfano wetu, bidhaa mchanganyiko, watu watatu wanne wanaogusa kompyuta na tawi moja mbali: namba bubu iwe ndo namba, jina lifuate kanuni, majina ya mtaani yakae kwenye sehemu ya kutafuta, barkodi ining'inie pale ilipo. Namba inayosema niiache kwa mabati na nondo kama mtu anaipenda sana, lakini iwe ni kifupisho ndani ya jina, isiwe ndo namba kuu.

Kuna swali moja ambalo hakuna njia kati ya hizo nne inakujibia, lazima mkae mlijibu wenyewe kabla: lini vitu viwili ni bidhaa moja? Elbo za viwanda viwili tofauti, rangi moja, bei moja, mteja hajali unampa ipi, hiyo ni bidhaa moja na brandi haiandikwi. Saruji ya 32.5 na ya 42.5 ni mbili, hata mifuko ikifanana rangi, na brandi inaandikwa kwasababu mteja anaitaja kwa jina. Rangi ya maji galoni na ndoo ni mbili kwasababu hufungui ndoo ukamimina galoni. Lakini msumari wa katoni na msumari wa kilo ni mmoja, kwasababu katoni inafunguliwa na kuuzwa kwa kilo, hapo unaweka bidhaa moja yenye kipimo cha kilo na unaiambia sistimu katoni hii ni kilo 25. Ukifungua mbili utakuwa unahamisha stoku kila siku na kuna siku utasahau. Kipimo mi nachokitumia: kama mteja anaweza kupewa hiki au kile kutoka shelfu moja kwa bei moja asilalamike, ni mstari mmoja.

Turudi kusafisha ile mistari minne. Usifute yoyote iliyowahi kuuza, historia itapotea na sistimu nyingi zitakataa. Chagua mmoja ubaki, hapa nachukua wa kwanza, uupe jina kamili ELBO PPR 20MM 90 na namba 10412. Hesabu kwa mkono duka likiwa limefungwa, 91. Halafu ingiza marekebisho ya stoku: ile ya 65 ipelekwe 0, ile ya hasi 12 ipelekwe 0 (unaongeza 12), ile ya 38 ipelekwe 91, yani unaongeza 53. Angalia, toa 65, ongeza 12, ongeza 53, jumla ni sifuri, hakuna elbo iliyozaliwa wala kufa kwenye karatasi, mhasibu akiuliza unamwonyesha hiyo. Kama bei za kununulia zinatofautiana kati ya mistari, 91 zipewe wastani unaozingatia idadi, usichukue bei ya mstari mmoja. Kisha ile mitatu ibandikwe neno ISITUMIKE mwanzoni mwa jina na izimwe isitokee kaunta, na majina yake ya zamani yahamie kwenye majina mengine ya 10412.

Nani afungue bidhaa mpya? Mtu mmoja. Sio cheo, ni mtu mmoja tu mwenye ruhusa kwenye sistimu, na kabla hajafungua atafute kwa njia tatu: kwa jina la kanuni, kwa jina la mtaani, na kwa saizi peke yake. Keshia akikwama na mteja yuko mbele awe na mstari mmoja maalum, 99999 BIDHAA HAIJASAJILIWA, auze kupitia huo akiandika maelezo, jioni yule mwenye ruhusa anaupangia mahali pake. Huo mstari ukizidi kukua ujue majina mengine hayatoshi, ongeza.

Kasulu mtandao ukikatika kuna watu wanawapa tawi mfululizo wao, tuseme Mwanga 10001 kwenda mbele na Kasulu 30001 kwenda mbele. Namba hazitagongana kweli, lakini elbo itakuwa 10412 huku na 30088 kule, yani umeyahalalisha yale marudio uliyokuwa unayakimbia. Tawi lisifungue bidhaa ya kudumu. Lipewe namba za muda, 90001 mpaka 90099, na kila mtandao ukirudi dada wa Kasulu atume orodha na picha ya kitu chenyewe upande wenye chapa ya saizi, Mwanga wamrudishie namba ya kweli, ya muda izimwe siku hiyo hiyo.